Bando la muziki linakata siku ya tatu: usiilaumu sauti, itazame video

*Habari za kazi, mtaalamu. Kila wiki nanunua bando la GB 2 na karibu lote ni la muziki. Nasikiliza saa moja na nusu kwa siku, nikienda kazini na kurudi. Zamani lilikuwa linatosha na kubaki. Tangu programu yangu ya muziki ianze kuleta video za nyimbo, linakata siku ya tatu. Nimeshashusha ubora wa sauti hadi Low. Simu huwa mfukoni, skrini inawaka labda dakika 20 tu kwa jumla, na nyimbo nyingi nilishazipakua. Jioni binti yangu hutazama kama nusu saa kwenye simu yake ya zamani kwa hotspoti yangu, naye ameweka video iwe ya chini anapotumia data ya simu. Video zinakula kiasi gani zaidi, na nizime nini?*

Tuanze na sauti, kwa sababu umeibana bure. Ukiweka Low, Spotify hushuka hadi kilobiti 24 kwa sekunde, na YouTube Music hadi 48. Normal huwa 96 au 128 kutegemea programu, na viwango vya juu hufika 256 au 320. Kujua hizo ni MB ngapi hakuhitaji mtaalamu: zidisha kilobiti kwa sekunde za wimbo, kisha gawanya kwa 8, maana baiti moja ina biti 8. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240, na 240 ukigawanya kwa 8 unapata 30. Kwa hiyo kwa wimbo wa urefu huo unazidisha tu kilobiti kwa 30, na jibu linakuja kwa kilobaiti; ligawanye kwa 1,000 upate MB. Wimbo wa kilobiti 48 ni MB 1.4. Wa kilobiti 128 ni MB 3.8. Wa 256 ni MB 7.7.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo kwenye video. Picha ya 360p huhitaji karibu kilobiti 500 kwa sekunde, 480p karibu 1,000, 720p karibu 2,000, na 1080p karibu 4,000. Juu yake ongeza sauti, tuseme 128. Wimbo uleule wa dakika 4 unakuwa MB 19 kwa 360p, MB 34 kwa 480p, MB 64 kwa 720p, na MB 124 kwa 1080p. Hayo ni makadirio ya kati. Video ya watu wanaocheza penye moshi, maji na taa zinazomulika, ikikatwa kila sekunde, inaweza kupita hapo kwa nusu nzima. Video ya maneno ya wimbo juu ya picha iliyosimama inaweza kuwa chini sana, kwa sababu mfumo wa kubana picha hutuma hasa kile kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Kisichosogea hakigharimu kitu cha maana.

Weka namba mbili pamoja uone. Kushusha sauti kutoka Normal hadi Low kumekuokolea MB 2.4 kwa wimbo. Wimbo mmoja tu ukicheza kwa 720p unafuta akiba ya nyimbo 25 hivi ulizosikiliza kwa sauti iliyofifia. Ndiyo maana umebana na bado bando linakata.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mpangilio wa sauti na mpangilio wa video ni vitu viwili tofauti. Kwenye seva, wimbo umehifadhiwa kama faili ya sauti katika ubora mbalimbali, na video imehifadhiwa peke yake katika ubora wake mbalimbali. Unapochagua Low kwenye sehemu ya sauti, unaiambia programu ichukue faili ipi ya sauti. Kuhusu picha hujasema neno. Kama ubora wa video umeachwa kwenye Auto, programu itajichagulia.

Hiyo Auto inastahili kueleweka vizuri, maana ndiyo inayokula bando la watu wasio na habari. Video haiji kama faili moja ndefu. Imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa katika ubora wote, kuanzia 144p kwenda juu. Simu inapopakua kipande, programu hupima kimechukua muda gani kufika. Kikifika haraka, kipande kinachofuata huombwa katika ubora wa juu zaidi. Kikichelewa, hushushwa. Lengo la Auto ni video isikwame, na iwe nzuri kadiri mtandao unavyoruhusu. Haijui umebakiwa na MB ngapi. Matokeo yake, ukiwa mahali penye mtandao dhaifu unaweza kusikiliza saa nzima kwa gharama ndogo, na ukifika penye mtandao mzuri muda uleule ukakugharimu mara nne. Mtu akikuambia jana bando lilitosha na leo halikutosha ilhali hukubadilisha kitu, mara nyingi kilichobadilika ni kasi ya mtandao.

Kuna upotevu mwingine ambao haumo kwenye hesabu yangu ya hapo juu. Programu hupakua vipande vya mbele kabla hujavifikia, ili video isisimame mtandao ukiyumba. Ukiruka wimbo baada ya sekunde 15, vipande vya mbele vilivyokwisha kuingia vinatupwa, na umeshavilipia. Kwa sauti hasara hiyo ni ndogo mno. Kwa video ya 720p, nusu dakika iliyotupwa ni karibu MB 8. Mtu mwenye mazoea ya kuruka nyimbo kumi akitafuta moja anaweza kupoteza MB 80 bila kutazama video hata moja hadi mwisho.

Tena, wimbo wa sauti uliousikiliza mara nyingi hubaki kwenye hifadhi ya muda ya programu, hivyo ukiurudia leo au kesho huenda usilipe tena. Video kwa kawaida haihifadhiwi hivyo kwa sababu ya ukubwa wake. Wimbo uupendao ukirudiwa mara sita kwa video, hesabu kama umelipa mara sita.

Umeniambia simu huwa mfukoni skrini ikiwa imezimwa. Hiyo inakusaidia, ila si kila mara. Programu nyingi zilizoundwa vizuri huacha kuomba picha skrini ikizimwa na kubaki na sauti peke yake. Kila ukiwasha skrini kuangalia wimbo gani unapiga, picha huanza kuombwa upya, pamoja na akiba yake ya mbele. Ukiichungulia simu mara 15 njiani kwa sekunde chache kila mara, umeomba vipande vya video mara 15. Kupunguza mwanga wa skrini, kugeuza simu uso chini au kuinyamazisha hakupunguzi data yoyote, maana picha inaendelea kuja vilevile.

Nyimbo ulizopakua zina mtego wake. Jina moja la wimbo linaweza kuwa na vitu viwili nyuma yake: rekodi ya sauti na video rasmi. Ulichopakua huenda ni sauti tu. Ukigusa kitufe cha kuhamia kwenye video, au orodha yako ikiwa imechanganya matoleo ya video, programu huacha ile ya kwenye simu na kwenda mtandaoni. Utaona dalili kwa urefu: video rasmi nyingi zina utangulizi au mazungumzo, kwa hiyo wimbo wa dakika 3 na sekunde 40 unageuka kuwa wa dakika 4 na nusu. Kipimo cha uhakika ni kuweka simu kwenye hali ya ndege, kufungua orodha yako ya nyimbo zilizopakuliwa, na kuzigusa moja moja. Inayocheza ipo kwenye simu. Inayokataa, au inayotoa sauti lakini ikikataa kuhamia video, inakuambia hasa ni kipi ulicho nacho.

Sasa hotspoti ya binti yako, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu naamini ndipo sehemu kubwa ya bando lako inapokwenda. Simu yake inapounganishwa na hotspoti yako, kwake huo ni mtandao wa Wi-Fi. Programu nyingi huwa na mipangilio miwili: ubora wakati wa data ya simu, na ubora wakati wa Wi-Fi. Yeye ameshusha ule wa data ya simu, lakini kila jioni unaotumika ni ule wa Wi-Fi, ambao kwa kawaida umeachwa juu kwa dhana kwamba Wi-Fi haina kikomo. Hajakosea kwa uzembe. Programu ndiyo haijui kwamba nyuma ya hiyo Wi-Fi kuna bando la GB 2.

Simu kuwa ya zamani nako kunaongeza kidogo. Kuna njia mbalimbali za kubana video. H.264 ya mwaka 2003 inafunguliwa na karibu kila simu iliyopo. VP9 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hubana vizuri zaidi, yaani picha ileile kwa data kidogo, lakini simu isiyo na kifaa cha ndani cha kuzifungua mara nyingi hupelekewa H.264. Kwa hiyo simu mbili zikitazama video moja kwa 480p, ya zamani inaweza kutumia data nyingi kuliko mpya. Hilo huwezi kulibadilisha kwenye mipangilio, lakini ni sababu nyingine ya kumwekea ubora wa chini kidogo kuliko wako.

Tuhesabu siku yako moja. Dakika 70 skrini imezimwa kwa kilobiti 48, hata tukijifanya hakuna wimbo uliopakuliwa, ni MB 25. Dakika 20 skrini inawaka na video inacheza kwa 480p ni MB 169. Nusu saa ya binti kwa 720p ni MB 479. Jumla ni MB 673. Kwa siku tatu ni MB 2,019, na wewe ulinunua MB 2,000. Linakata jioni ya siku ya tatu, kama ulivyoandika. Siwezi kuona simu yako, na huenda wewe unatumia zaidi na yeye kidogo, au kinyume chake. Lakini tazama ukubwa wa kila sehemu: katika siku nzima, ile sauti uliyoibana ni MB 25 kati ya 673.

Ningekuwa wewe, ningeanza kwa kurudisha sauti kwenye Normal. Ndiyo, kuirudisha juu. Dakika 90 zote kwa kilobiti 128 ni MB 86 kwa siku, na muziki utausikia karibu na ulivyorekodiwa, matoazi yasiyokwaruza na besi yenye umbo. Kisha ningezima video zisijichezee zenyewe kwenye simu yako, nizifungue tu ninapotaka kutazama. Kwa binti ningeweka 360p kwenye sehemu ya Wi-Fi. Nusu saa yake inashuka kutoka MB 479 hadi 141. Nyumba nzima inakuwa MB 228 kwa siku, yaani MB 1,594 kwa wiki. Zinabaki kama MB 400, ambazo ni nyimbo 10 hadi 12 za kutazama kwa 480p wakati wowote upendao.

Je, 360p inatosha? Kwenye skrini ya simu ndogo iliyoshikwa mkononi, kwa video ya muziki, inatosha. Utaona nyuso hazina ukali na maandishi madogo hayasomeki vizuri, basi. Kwenye simu kubwa ningependekeza 480p, ambapo wengi hawatofautishi na 720p wasipoambiwa. Ukipanda kutoka 360p hadi 720p, pikseli zinaongezeka mara nne, kwa sababu upana na urefu vyote vinaongezeka mara mbili: 640 kwa 360 inakuwa 1,280 kwa 720. Watu hudhani 720p ni mara mbili ya 360p, kisha wanashangaa bando linavyokwenda. Kwa upande mwingine, 144p siipendekezi kwa muziki. Data inapungua kweli, lakini picha inavurugika mno hivi kwamba ni heri kuizima na kubaki na sauti safi.

Kupakua kabla ni bora kuliko yote hayo kama unapata Wi-Fi isiyo ya bando, kazini au kwa jamaa. Pakua sauti, na ukitaka video pakua zile chache unazorudia, kama programu inaruhusu. Kupakua kwa kutumia bando lenyewe hakupunguzi data mara ya kwanza. Faida yake ni kwa wimbo utakaourudia, maana utaulipia mara moja tu.

Kuhusu wapi pa kubonyeza, majina hubadilika kutoka toleo hadi toleo, kwa hiyo tafuta maana kuliko neno. Kwenye YouTube Music gusa picha yako, ingia Settings, kisha sehemu ya Data saving; wenye akaunti ya kulipia wana kitufe cha Don't play music videos, ambacho hufanya programu icheze sauti tu hata pale ambapo video ipo. Kwenye Spotify kagua mambo mawili: ubora wa video, ambao umetenganishwa na wa sauti, na kitufe cha Canvas, ambazo ni zile picha fupi zinazojirudia nyuma ya wimbo. Kwenye Apple Music picha zinazosogea za albamu zinaitwa Animated Art, na unaweza kuzizima au kuziruhusu kwenye Wi-Fi peke yake.

Watu huzidharau hizo picha fupi kwa sababu zina sekunde 3 hadi 8 tu. Ikishapakuliwa, inajirudia kutoka kwenye simu bila kuombwa upya, kwa hiyo si mzigo kama video kamili. Lakini ya sekunde 8 kwa kilobiti 1,000 ni MB 1, na wimbo wako wa Low ulikuwa MB 1.4. Kwa mtu anayebana hadi Low, kuziacha zikiwaka ni kukaribia kulipa wimbo mara mbili. Zizime.

Kwa simu ya binti kuna hatua moja zaidi. Kwenye Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya gia kando ya jina la hotspoti yako, tafuta Network usage, na uchague Treat as metered. Kwenye iPhone gusa alama ya i kando ya jina la mtandao, kisha washa Low Data Mode. Hapo simu inajua kwamba mtandao huo una kikomo. Programu nyingine huiheshimu alama hiyo na kushusha ubora zenyewe, nyingine huangalia tu kama ni Wi-Fi au la. Kwa sababu hiyo fanya vyote viwili: weka alama hiyo, na ushushe ubora wa Wi-Fi ndani ya programu yenyewe.

Usiniamini mimi tu, pima. Simu yako inaweka hesabu ya kila programu. Kwenye Android iko ndani ya Settings, sehemu ya mtandao, chini ya jina kama App data usage au Mobile data usage kutegemea kampuni iliyotengeneza simu. Kwenye iPhone iko kwenye Cellular au Mobile Data, na chini kabisa kuna Reset Statistics ya kuanza hesabu upya. Zima Wi-Fi, funga programu nyingine, andika namba iliyo mbele ya programu ya muziki. Cheza wimbo mmoja ambao hujausikiliza karibuni, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Subiri dakika chache, kwa sababu hesabu huchelewa kusasishwa, kisha soma namba tena. Rudia kwa wimbo mwingine ukiwa kwenye video na skrini inawaka. Mara ya tatu cheza video, lakini zima skrini baada ya sekunde kumi.

Kwa wimbo wa dakika 4, jaribio la kwanza likikupa MB 1 hadi 8, sauti yako iko sawa. La pili likikupa karibu 19, 34 au 64, umeshajua programu inakuchagulia ubora gani hata kama haikuandikii popote. Jaribio la tatu ndilo muhimu zaidi kwako. Likikaribia la kwanza, programu yako inaacha picha skrini ikizimwa, na mfuko wako hauna tatizo. Likikaribia la pili, picha inakuja hata ikiwa haitazamwi na mtu, na hapo dawa ni kuzima video kabisa kwenye programu hiyo au kuhamia nyingine.

Katika orodha hiyohiyo utakuta hotspoti ina mstari wake wenyewe. Matumizi ya binti hayahesabiwi chini ya programu yako ya muziki, yanahesabiwa hapo. Andika namba hiyo kabla ya jioni yake na baada yake. Ikiongezeka kwa MB 450 au zaidi kwa nusu saa, makadirio yangu yalikuwa sahihi. Kama imeongezeka kwa mamia mengi zaidi, basi si muziki peke yake: simu inayoiona hotspoti kama Wi-Fi huenda pia inasasisha programu zake na kupeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, mambo ambayo kwa kawaida husubiri Wi-Fi. Alama ya mtandao wenye kikomo niliyokueleza huzuia mengi ya hayo.

Kuna hali mbili ambazo maandishi hayatoshi, na ni lazima mtu aishike simu. Ya kwanza ni pale jumla ya simu na makato ya mtoa huduma yanapopishana sana. Tofauti ya asilimia 7 hivi kwenye GB ni ya kawaida, maana wengine huhesabu MB 1,000 kwa GB moja na wengine 1,024, na vivyo hivyo kwa vipimo vilivyo chini yake. Lakini simu ikisema umetumia GB 1.2 na bando la GB 2 limekwisha, piga picha ya skrini yenye tarehe, kagua kwanza kama bando lenyewe halikugawanywa katika saa za mchana na usiku, kisha nenda na laini yako kwenye kituo cha mtoa huduma wakuangalizie rekodi ya matumizi. Ya pili ni pale juu kabisa ya orodha panapokuwa na programu usiyoijua, au unayoijua lakini hujaifungua wiki nzima, na imekula mamia ya MB. Izuie isitumie data, na simu mpelekee fundi unayemwamini kabla hujanunua bando jingine.